Nimekatwa asilimia 5 tayari. Je, bado nadaiwa na KRA?

*Shikamoo mshauri. Nimeajiriwa dukani hapa Mombasa kwa mshahara wa Sh36,000 kwa mwezi, na mwajiri hukata PAYE. Usiku na wikendi hutengeneza video za ushonaji. Mwaka 2025 YouTube iliniingizia Sh153,100 benki kwa malipo 7 baada ya ada ya Sh4,900, kampuni zilizotangaza kwangu mara nne zikanitumia jumla ya Sh228,000, na masomo ya WhatsApp pamoja na paterni nilizouza kwa Till yakaniletea Sh204,500 baada ya ada ya Sh1,500. Duka moja la vitambaa lilinilipa tangazo kwa nguo za Sh24,000, nikawashonea wanangu sare za Idi.*

*Upande wa matumizi, nilinunua laptopu ya Sh84,000. Kijana anayenikatia video namlipa Sh4,000 kila mwezi, ila ankara ya eTIMS alianza kunipa Julai. Vitambaa vya kufundishia ni Sh46,000, na vya Sh15,000 kati yake nilichukua sokoni bila karatasi. Intaneti ya nyumbani ni Sh2,500 kwa mwezi na programu ya kuhariri Sh15,600 kwa mwaka.*

*Kila Juni nafaili ritani ya mshahara, dakika tano nimemaliza. Rafiki yangu asema ile asilimia 5 ambayo kampuni hunikata ndiyo ushuru wangu, sidaiwi tena. Daftari sina, nina meseji za M-Pesa tu. Nisaidie kabla Juni haijafika.*

*Mshonaji, Likoni*

Marahaba, dada. Unadaiwa, na si kidogo: kwa tarakimu ulizoandika, salio la mwaka 2025 linafika karibu Sh142,000. Nimelitaja mapema kwa sababu sehemu kubwa ya majibu yangu ni kukuonyesha limetoka wapi, na ukishaona limetoka wapi utajua pia ni karatasi gani ingelipunguza.

Tuanze na rafiki yako. Ile asilimia 5 iliingia katika sheria ya Kenya kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Inamtaka anayemlipa mkazi wa Kenya kwa maudhui ya mtandaoni amkate asilimia 5 na kuiwasilisha KRA ndani ya siku 5 za kazi. Huo ni ushuru wa zuio, na kwa mkazi kama wewe ni malipo ya awali tu: pesa zako zilizotangulizwa KRA zikusubiri. Mwisho wa mwaka ushuru wako wote unahesabiwa upya, kisha zile zilizotangulizwa zinatolewa. Zikitosha, umemaliza. Zisipotosha, unaongeza.

Kwako hazitoshi hata kidogo, na sababu ni mshahara. Hapa ndipo wengi walioajiriwa huumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ushuru wa mtu binafsi hupanda kwa ngazi. Kwa mwaka mzima, Sh288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10. Sh100,000 zinazofuata hutozwa asilimia 25. Ukipita Sh388,000 unaingia asilimia 30, na unabaki humo hadi Sh6,000,000. Ngazi hizi zapandwa na mtu mmoja mwenye mapato yake yote. Hakuna ngazi za mshahara na ngazi nyingine za YouTube. Sasa tazama fomu yako ya P9, ile ambayo mwajiri hukupa mwanzoni mwa mwaka. Mshahara wa Sh36,000, ukiondoa NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba, hubaki Sh32,310 za kutozwa ushuru kila mwezi, yaani Sh387,720 kwa mwaka. Angalia tarakimu hiyo ilivyokaribia Sh388,000. Mshahara wako peke yake umeshamaliza ngazi ya asilimia 10 na ngazi ya asilimia 25, na umeshatumia nafuu ya binafsi ya Sh28,800 ambayo kila mkazi hupewa kwa mwaka. Nafasi iliyobaki chini ya asilimia 30 ni ya Sh280 tu.

Maana yake ni kwamba kila shilingi ya faida unayoipata kwa kamera inaanzia asilimia 30. Kampuni imekukata 5, na hiyo ni kwa matangazo tu. YouTube haikukata chochote cha Kenya, wala wanafunzi wako wa WhatsApp. Mwenzako asiye na mshahara, mwenye mapato kama yako ya mtandaoni, angedaiwa pesa chache kuliko wewe kwa sababu angezipanda zile ngazi za chini kwa pesa hizo hizo. Huenda rafiki yako ni wa namna hiyo, hajui kwamba hesabu yake si hesabu yako.

Kilichoingia si ulichopata

Jumla ya pesa ulizoziona benki na kwenye Till ni Sh585,600. Tarakimu hiyo usiiandike popote kwenye ritani. Mapato yako ni Sh628,000, na tofauti ya Sh42,400 imejificha sehemu tatu.

Ya kwanza ni zuio. Kampuni zilikutumia Sh228,000, lakini mlikubaliana Sh240,000. Zile Sh12,000 ni zako, zimepita tu mkono mwingine. Ukiandika Sh228,000 kama mapato kisha ukadai tena zile Sh12,000 zitolewe kwenye ushuru, utakuwa umezitoa mara mbili, na mashine ya KRA italiona hilo kwa sababu cheti cha zuio kimeandikwa kiasi kamili. Tangu tarehe 1 Januari 2026, KRA inalinganisha mapato na matumizi yaliyo kwenye ritani, kuanzia ritani za mwaka 2025, na ankara zilizo kwenye eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, pamoja na rekodi za zuio walizonazo. Tofauti ya Sh12,000 haipiti bila kuulizwa.

Ya pili ni ada. Benki ilikata Sh700 kwa kila moja ya malipo 7 ya YouTube ukipiga hesabu ya wastani, jumla Sh4,900, na Till ikala Sh1,500. YouTube ilikulipa Sh158,000 na wateja wako walikulipa Sh206,000. Hizo ndizo za kuandika kama mapato, na ada ya Sh6,400 uiandike kama gharama. Faida haibadiliki, ila rekodi yako inalingana na rekodi ya aliyekulipa. Hicho ndicho kitu ambacho mkaguzi hutafuta kwanza.

Ya tatu ni zile nguo. Duka lilikulipa tangazo kwa vitambaa, kwa hiyo thamani yake, bei ya dukani siku hiyo, ni mapato ya Sh24,000 sawasawa na noti. Kwa kuwa umewashonea watoto, hiyo ni matumizi ya nyumbani na huwezi kuirudisha kama gharama ya kazi. Ungekuwa umeikatia mbele ya kamera kuwafundishia wanafunzi, upande wa pili wa hesabu ungekuwa na kitu cha kuandika. Zawadi ambayo hukuombwa chochote kwa ajili yake ni habari nyingine. Lakini pale mlipokubaliana "nipe video moja, nikupe majora mawili", hiyo ni bei.

Kuhusu YouTube kuna jambo moja la nyongeza. Ukiwa na watazamaji Marekani, Google hukata ushuru wa Marekani kwenye sehemu ya pesa iliyotokana na watazamaji hao. Kenya na Marekani hazina mkataba wa ushuru wa mapato, hivyo kiwango ni asilimia 30 ya sehemu hiyo ikiwa umejaza fomu yao ya W-8BEN. Usipojaza, wanaweza kukata asilimia 24 ya mapato yako yote, hata yale ya watazamaji wa Kilifi na Tanga. Ingia kwenye akaunti ya AdSense uhakikishe imejazwa na haijapitwa na wakati. Na makato hayo, yakiwepo, yaandikie safu yake peke yake. Hayamo katika rekodi za iTax, hayana cheti cha zuio cha KRA, na hayaingii katika sehemu ya zuio kwenye ritani. Kwenye hesabu yako nimeyachukulia kuwa hayapo.

Matumizi: kilichokubalika na kilichopotea

Tangu tarehe 1 Januari 2024, gharama ya biashara isiyo na ankara ya eTIMS haitolewi kwenye mapato, hata kama pesa umetoa kweli na meseji ya M-Pesa unayo. Meseji inathibitisha kwamba umelipa, ila haithibitishi ulinunua nini wala kwamba muuzaji ametangaza mauzo hayo. Ankara inayokufaa lazima iwe na PIN yako ndani yake. Risiti ya dukani isiyo na PIN ya mnunuzi haikuungi mkono, kwa hiyo jizoeze kuitaja PIN kabla mwenye duka hajabonyeza mashine, maana baada ya hapo kurekebisha ni kazi.

Vitambaa vya Sh31,000 vina ankara, vinapita. Vya sokoni vya Sh15,000 vimepotea. Kijana wa video: Julai hadi Desemba ni Sh24,000 zinazopita, na Sh24,000 za Januari hadi Juni nazihesabu kama zimepotea. Umepoteza gharama za Sh39,000, na kwa kuwa uko kwenye ngazi ya asilimia 30, umelipia uzembe huo wa karatasi Sh11,700 taslimu. Hiyo ndiyo bei ya kutoomba ankara, na nakusihi uikumbuke utakapoona haya kumwomba.

Wauzaji wadogo wengi hawakatai, hawajui tu pa kuanzia. Kijana wako anaweza kutoa ankara kwa simu ya kawaida kwa kubonyeza *222#, au kupitia eTIMS Lite ndani ya eCitizen, bila kununua mashine yoyote. Na tangu mwisho wa Desemba 2024 sheria inaruhusu mnunuzi amtolee ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi Sh5 milioni kwa mwaka. Unaingia eTIMS, unaandika PIN yake na kiasi, naye anaikubali. Muuzaji wa sokoni mwenye PIN na simu anaweza kuhudumiwa hivyo pale pale mezani kwake.

Kuna gharama chache ambazo hazihitaji eTIMS, na wewe unazo tatu. Ada za benki na taasisi za fedha zinatosha kwa taarifa ya benki. Programu ya kuhariri, Sh15,600, inauzwa na kampuni ya nje isiyo na ofisi Kenya, kwa hiyo ankara yake ya barua pepe na mstari wa kadi yako vinatosha. Na punguzo la uchakavu wa laptopu nalo halihitaji ankara ya kila mwaka, ingawa ankara ya siku uliyoinunua lazima uwe nayo.

Laptopu yenyewe usiitoe yote mwaka mmoja. Watu wengi huandika Sh84,000 nzima chini ya gharama, na ritani hukwama hapo. Kifaa kinachodumu hutolewa kidogo kidogo, na kwa kompyuta kiwango ni asilimia 25 kwa mwaka kwa mafungu sawa, yaani Sh21,000 kila mwaka kwa miaka 4. Ikiwa wanao huitumia kwa masomo yao, punguza kwa kadiri hiyo. Mimi nimeichukua kuwa ya kazi tupu.

Intaneti ni Sh30,000 kwa mwaka, lakini nyumba nzima inatumia. Sheria inakubali gharama iliyotumika kuzalisha mapato pekee, kwa hiyo nimechukua nusu, Sh15,000. Ukitaka zaidi ya nusu uwe na cha kuonyesha, kwa mfano wiki mbili ulizoandika saa za kupakia video na saa za matumizi ya nyumbani. Andika sababu ya mgawo wako kwenye daftari siku unapouchagua, na usiubadilishe kila mwaka kwa kufuata unachotamani kulipa.

Hesabu yenyewe

Gharama zilizopita ni vitambaa 31,000, mhariri wa video 24,000, laptopu 21,000, programu 15,600, intaneti 15,000 na ada 6,400. Jumla Sh113,000. Mapato Sh628,000 ukitoa Sh113,000 unabaki na faida ya Sh515,000. Sasa iweke juu ya mshahara:

```
Mshahara unaotozwa (P9)          387,720
Faida ya maudhui                 515,000
Jumla                            902,720

288,000 x 10%                     28,800
100,000 x 25%                     25,000
514,720 x 30%                    154,416
Ushuru wote                      208,216

Toa nafuu ya binafsi              28,800
Toa PAYE iliyokatwa (P9)          24,930
Toa ushuru wa zuio                12,000
Salio la kulipa                  142,486
```

Pitisha kidole kwenye mstari wa mwisho na ule wa zuio. Sh12,000 dhidi ya Sh142,486. Ndiyo maana nasema asilimia 5 haikukaribia.

Mstari wa zuio una sharti lake: vyeti. Kampuni ikikata na kuwasilisha, cheti hutokea kwenye akaunti yako ya iTax na hutumwa kwa barua pepe uliyojisajili nayo. Ikikata na isiwasilishe, cheti hakuna, na bila cheti huna cha kutoa. Kwa hiyo ingia iTax wiki hii, hesabu vyeti vyako. Matangazo manne, vyeti vinne. Kimoja kikikosekana, mwandikie mhasibu wa kampuni, si yule kijana wa masoko uliyezungumza naye kuhusu video, umtajie namba ya ankara, tarehe ya malipo na kiasi alichokata. Mwombe namba ya cheti. Ni rahisi kufuatilia miezi mitatu baadaye kuliko miaka miwili, ambapo mhasibu ameshahama.

Kuna ushuru wa nyumba pia. Mwajiri hukata asilimia 1.5 ya mshahara, lakini Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 imeweka asilimia hiyo hiyo kwa mapato yasiyo ya mshahara, na hulipwa kando, ifikapo siku ya 9 ya kazi ya mwezi unaofuata. Sikuichanganya na hesabu ya hapo juu. Jua tu kwamba ipo.

Kujenga daftari kutoka kwenye meseji

Hujachelewa, kwa sababu kila kilichotokea 2025 kimeacha alama mahali. Omba taarifa ya M-Pesa ya mwaka mzima, taarifa ya Till, taarifa ya benki, na ripoti ya malipo ya AdSense. Usianze na meseji za simu. Meseji hufutika, na hazikuambii kitu kuhusu kilichokatwa kabla pesa hazijakufikia.

Fungua lahajedwali, au daftari la mistari ukipenda, upange safu hizi: tarehe, aliyelipa, kazi gani, kiasi kamili, zuio, ada, kilichoingia, namba ya ankara. Tuchukue tangazo moja la mfano. Ankara ya tarehe 14 Machi, video moja ya cherehani, kiasi kamili 60,000, zuio 3,000, ada 0, kilichoingia 57,000. Halafu jiulize: je, 57,000 zimo kwenye taarifa ya benki? Na 3,000 zimo kwenye vyeti vya iTax? Mstari ukipata ndiyo mbili, uweke alama na uende unaofuata. Ukikosa moja, hapo ndipo pana tatizo, na umelijua wewe kabla ya KRA.

YouTube hulipa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi, na hulipa tu salio linapofikia dola 100, ndiyo maana ulipokea mara 7 na si 12. Kwa kila malipo andika dola, kiwango cha kubadilisha ambacho benki ilitumia siku hiyo, na shilingi kabla ya ada. Usichukue jumla ya dola za mwaka ukaizidisha kwa kiwango cha Desemba, haitalingana na taarifa ya benki.

Kazi ngumu zaidi itakuwa M-Pesa, kwa kuwa pesa za chama, za shangazi aliyekutumia ya matanga, na za mwanafunzi wa paterni zimelala pamoja. Ulichofanya vizuri ni kutumia Till kwa masomo. Sasa kaza hapo: pesa ya kazi isiingie tena kwenye namba yako ya kawaida, na mteja akikosea akatuma huko, ihamishie Till au iandike siku hiyo hiyo. Kwa yale ya 2025 yaliyoingia kwenye namba yako, weka neno moja kando ya kila muamala, "familia", "chama", "mkopo", "mteja". KRA wakiuliza, watauliza kuhusu pesa zilizoingia ambazo hukuzitangaza, na ni juu yako kuonyesha kwamba Sh20,000 ya Agosti ilikuwa zamu yako ya chama. Orodha ya chama ya mwezi huo, hata picha yake, itunze pamoja na taarifa.

Na wewe pia utoe ankara. Aliye na biashara anatakiwa kutoa ankara ya eTIMS hata kama mapato ni madogo, na kampuni zinazotangaza kwako zitaanza kukuomba kwa sababu bila ankara yako haziwezi kutoa gharama hiyo kwao. Iandike kwa kiasi kamili, 60,000, si 57,000.

Sheria inakutaka utunze rekodi kwa miaka 5. Karatasi za mashine hufifia kwenye joto letu hili la Pwani, ndani ya miezi michache imebaki nyeupe tupu. Ipige picha siku unayoipokea.

Tarehe

Usisubiri Juni. Juni 30 ni mwisho wa kufaili ritani, lakini salio la ushuru la mwaka 2025 linatakiwa kulipwa ifikapo tarehe 30 Aprili 2026. Ukipita hapo, kuna adhabu ya asilimia 5 ya kilichobaki, kwako Sh7,124, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi, kama Sh1,425. Kuchelewa kufaili ni adhabu nyingine: Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, chochote kilicho kikubwa zaidi. Ikiwa hutaweza kulipa zote kwa mpigo, bado faili kwa wakati, halafu uombe KRA mpango wa kulipa kwa awamu. Usiache kufaili kwa sababu huna pesa. Hayo ni makosa mawili, na moja unaweza kuliepuka bure.

Ile ritani ya dakika tano iweke kando. Kwenye iTax ni ile iliyoandikwa `ITR for Employment Income Only`, na kama jina lake linavyosema haina mahali pa kuweka YouTube wala Till. Chagua ritani kamili ya mkazi, `Income Tax - Resident Individual`, pakua fomu ya lahajedwali, ujibu ndiyo kwenye swali la mapato ya biashara, ndipo kurasa za faida na hasara zifunguke. Ujaze mshahara na PAYE kutoka P9, faida ya maudhui, punguzo la laptopu, kisha zuio kwa namba za vyeti. Bonyeza `Validate`. Ikilalamika, mara nyingi ni tarehe iliyoandikwa kwa mpangilio tofauti au kisanduku cha lazima kilichoachwa wazi. Fomu ikikubali hutengeneza faili ya zip, na hiyo ndiyo unayopakia.

Kuanzia mwaka huu 2026 kuna kitu kipya kwako. Kwa kuwa ushuru wako usiokatwa kwenye chanzo umezidi Sh40,000, unaingia kwenye kulipa kwa awamu ndani ya mwaka wenyewe: robo robo, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Unaweza kukadiria mwaka huu, au kuchukua ushuru wa mwaka uliopita ukazidisha kwa asilimia 110, na unaruhusiwa kufuata kilicho kidogo. Kwa salio la 142,486 ni kama Sh39,180 kila awamu. Najua Aprili itakuwa nzito, awamu ya kwanza tarehe 20 na salio la 2025 siku kumi baadaye. Njia ya kujisaidia ni kutenga robo ya kila malipo siku yanapoingia, kwenye akaunti ya akiba ambayo haina kadi. Nimepata robo kwa kugawa: 142,486 ni kama asilimia 23 ya mapato yako ya 628,000. Gharama zako zikipungua, tenga zaidi.

Mawili ya kukabiliana nayo yakitokea. Tangazo ulilolifanya na kuliandikia ankara Desemba 2025, hata kama pesa zimeingia Januari, ni mapato ya 2025. Cheti chake cha zuio kitakuja na tarehe ya 2026, kwa hiyo kiwekee alama usije ukatafuta kwa nini hakilingani. Na la pili, uangalie mapato yako ya kazi yasiyo mshahara yanapokaribia Sh1,000,000 kwa mwaka. Kati ya hapo na Sh25 milioni kuna ushuru wa mauzo wa asilimia 3 ya mapato bila kutoa gharama, ila hauhusu ada za kitaalamu wala mafunzo, na matangazo yako huenda yakaangukia upande wowote kulingana na mkataba unavyosomeka. Ukiona umepita Sh80,000 kwa mwezi kwa miezi kadhaa mfululizo, mpelekee wakala wa ushuru aliyesajiliwa mikataba yenyewe, si maelezo yake, akusomee kabla hujachagua. Kwa 2025 uko Sh628,000, hilo halijakufikia.